Siku saba kabla ya kuripoti kazini: usingizi unapangwa asubuhi

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 28, naishi Mbezi, Dar es Salaam. Jumatatu ijayo naanza kazi kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu, Posta. Natakiwa niwe mezani saa moja na nusu asubuhi, na nimeshaambiwa huu ni msimu wa kazi nyingi. Kwa sasa nalala saa saba usiku, naamka kuswali alfajiri, kisha narudi kulala mpaka saa mbili na nusu. Kazi iliyopita, usiku wa kuamkia siku ya kwanza nilipanda kitandani saa tatu na sikufumba jicho mpaka karibu na asubuhi. Nilifika kazini kama mgonjwa. Naogopa yasijirudie. Nifanye nini hizi siku saba zilizobaki?"*

Marahaba, mwanangu. Naanza na jambo ambalo mengine yote yanalitegemea: usijaribu kulala mapema. Najua ndivyo ulivyopanga, na ndivyo watu wa nyumbani watakavyokushauri, kwamba Jumapili upande kitandani mapema upumzike. Ulishafanya hivyo kazi iliyopita, na ndiyo sababu ulikesha. Mtu ambaye mwili wake umezoea kulala saa saba akipanda kitandani saa tatu, anakwenda kulala karibu na saa ambazo mwili wake unakataa usingizi kuliko wakati mwingine wowote wa siku.

Mwaka 1986 mtafiti wa Israeli, Peretz Lavie, alilipima hili kwa njia nzito kidogo. Aliwapangia watu mizunguko ya dakika 20 usiku na mchana: dakika 13 wakae macho, dakika 7 wajaribu kulala, halafu tena na tena. Mchana wengi waliweza kusinzia katika dakika zile saba. Lakini ilipofika jioni, saa chache kabla ya wakati wao wa kawaida wa kulala, usingizi uligoma, hata kwa waliokuwa wamekesha usiku uliotangulia. Kwako wewe unayelala saa saba, kipindi hicho kinaangukia takriban saa nne mpaka saa sita usiku. Kwa hiyo usiku ule uliokesha hukuwa na ugonjwa wowote wa usingizi. Uliingia kitandani mapema mno, ukajikuta macho, ukaanza kuogopa, na hofu ikamalizia kazi.

Usingizi unaletwa na mambo mawili. La kwanza ni muda uliokaa macho: kadiri unavyokaa macho ndivyo hamu ya usingizi inavyopanda, kama njaa inavyopanda kwa mtu aliyefunga. La pili ni saa ya mwili, iliyo ndani ya ubongo, ambayo inasetiwa zaidi na mwanga unaoingia machoni. Yote mawili unayashika asubuhi. Ukiamka mapema, njaa ya usingizi inaanza kujengeka mapema. Ukipata mwanga mapema, saa ya mwili inasogea mapema. Usiku unafuata wenyewe. Kinyume chake hakifanyi kazi, kwa sababu kulala hakuna amri, ila kuamka unaweza kujiamrisha.

Ngazi yako ni hii. Kutoka saa mbili na nusu mpaka saa kumi na moja alfajiri, ambayo nadhani ndiyo utakayoihitaji ili uondoke Mbezi, uunganishe Kimara na ufike Posta bila kukimbia, kuna saa tatu na nusu. Zigawe kwa siku saba unapata nusu saa kila siku. Jumanne unaamka saa mbili kamili, Jumatano saa moja na nusu, Alhamisi saa moja, Ijumaa saa kumi na mbili na nusu, Jumamosi saa kumi na mbili, Jumapili saa kumi na moja na nusu, na Jumatatu ya kazi saa kumi na moja. Mwili wa mtu mzima ukisaidiwa na mwanga unaweza kufuata mpaka karibu saa moja kwa siku, kwa hiyo nusu saa inakuachia nafasi ya kuteleza siku moja bila mpango kuvunjika.

Saa ya kupanda kitandani nayo inashuka kwa hatua hizo hizo: leo Jumatatu saa sita na nusu usiku, kesho saa sita, na kuendelea hivyo mpaka Jumapili saa tatu na nusu. Lakini ielewe vizuri. Saa ya kuamka ni lazima. Saa ya kulala ni ruhusa tu: usipande kitandani kabla yake, na ikifika hujasikia usingizi, subiri.

Sasa niseme kuhusu swala ya alfajiri, kwa sababu inagusa saa ya mwili moja kwa moja. Joto la mwili hushuka usiku na kufika chini kabisa yapata saa mbili kabla ya wakati uliozoea kuamka. Mwanga mkali ukikupata kabla ya hapo, ubongo unauhesabu kuwa ni mwanga wa jioni na unaichelewesha saa yako. Ukikupata baada ya hapo, unaiwahisha. Kwa sasa hiyo nukta yako ya chini iko kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maana yake ni kwamba siku mbili tatu za mwanzo, ukiamka kuswali, usiwashe taa kubwa na usifungue simu. Washa taa ya korido au tochi iliyoelekezwa ukutani, tawadha, swali, rudi kulala. Kisha alamu ya saa mbili ikilia, toka nje hapo hapo, kaa kwenye baraza au fagia uwanja kwa dakika 30 bila miwani ya jua. Mwanga wa dirishani hautoshi; ndani ya nyumba hata panapoonekana peupe, mwanga ni mdogo sana kuliko wa nje, hata siku ya mawingu. Kadiri siku zinavyosogea nukta ile nayo itasogea, na kufikia Jumatatu swala yenyewe ndiyo itakuwa kuamka kwako. Wapo wengi wanaojilazimisha kubaki macho kuanzia alfajiri tangu siku ya kwanza, wanakaa kwenye taa na simu, na usiku wanashangaa usingizi umezidi kuchelewa.

Usiku wa kwanza, leo, kazi ni moja tu: kitanda kirudishiwe kazi yake. Ulichokizoea kufanya kitandani, yaani tamthilia, simu, kula, kupiga soga mpaka saa saba, kihamishie kwenye kiti au mkeka. Ubongo unajifunza mahali. Kama kila usiku kwa saa mbili kitanda ni pa kucheka na kusoma meseji, basi ukilala chali gizani ubongo bado unasubiri kipindi kianze. Simu ichajiwe mbali, mahali ambapo lazima usimame kwenda kuzima alamu. Kama mnalala chumba kimoja na wadogo zako, waambie mapema kwamba wiki hii taa kubwa ya chumbani inazimwa saa moja kabla ya muda wako, na wenye mazungumzo wakae sebuleni.

Hiyo saa moja ya mwisho ndiyo ya kushusha kasi, na sitaki uijaze mambo mengi. Taa iwe hafifu. Mikono ifanye kitu kisicho na mwisho wa kusubiri: kukunja nguo, kusuka, kupanga kabati, kusoma kitabu ulichokwisha kukisoma. Tamthilia haifai, na sababu yake si mwanga wa skrini peke yake. Kila sehemu inaishia pale ambapo lazima utake kujua kitakachofuata.

Usiku wa pili, Jumanne, tunaanza kushughulika na hofu. Usiisubiri kitandani, iite mapema. Saa kumi na mbili jioni kaa na daftari kwa dakika 15. Upande wa kushoto andika kila kinachokusumbua kuhusu kazi, kama kilivyo, bila kukipamba. Upande wa kulia andika hatua moja ya kufanya, na lini. Pasipo na hatua, andika "sijui mpaka nifike". Kisha, ukikaribia kulala, andika kwa dakika tano orodha ya mambo ya kesho na ya siku zijazo. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwapima watu 57 maabara mwaka 2018. Nusu waliandika mambo wanayotakiwa kuyafanya, nusu waliandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kwa kama dakika tisa, na waliochambua kwa undani zaidi ndio waliowahi zaidi. Kwa hiyo "kujiandaa na kazi" haitoshi. Orodha yako iwe hivi:

"Kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN na vyeti: bahasha ya kaki, juu ya kabati, Alhamisi. Sketi nyeusi: pindo limefumuka, peleka kwa fundi Jumatano. Sijui wanatumia programu gani ya hesabu: mpigie dada wa rasilimali watu Alhamisi saa nne asubuhi, muulize pia napokelewa na nani. Nauli ya wiki nzima: toa kwenye simu Jumapili mchana. Chakula cha mchana: uliza kama kuna pa kupashia, kama hamna nitabeba chapati."

Unaona tofauti? Kila mstari una kitu, mahali na siku. Wazo lililopewa siku yake haligongi tena saa nane usiku. Lile lisilo na siku ndilo linalorudi.

Jumatano ni ya chai na kahawa, na haina maelezo mengi. Kafeini hubaki nusu mwilini baada ya saa kama tano, na kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni muda huo unaweza kukaribia kuongezeka maradufu. Chai ya rangi ya saa kumi na moja jioni bado inafanya kazi saa nne usiku. Utafiti wa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala, kiasi cha vikombe vinne hivi vya kahawa, na usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima. Kuanzia Jumatano mwisho wa chai, kahawa, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu ni saa sita mchana. Jioni kunywa maziwa, mchaichai au tangawizi isiyo na majani ya chai. Usiache ghafla kama umezoea vikombe vinne kwa siku, maana kichwa kitauma na utadhani ni wasiwasi. Sogeza muda tu.

Usiku wa nne, Alhamisi, unapanda kitandani saa tano, na Dar es Salaam saa tano bado kuna joto. Ili usingizi uingie, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, na linashukia kwenye ngozi, hasa viganja na nyayo. Hapa watu wengi hukosea kwa kuoga maji baridi dakika ile ile ya kulala. Maji baridi yanaburudisha, lakini yanabana mishipa ya ngozi na kulifungia joto ndani, tena yanaamsha. Oga maji ya moto wa kiasi, nyuzi 40 hivi, yaani ndoo ambayo mkono unaivumilia bila kuunguzwa, kwa dakika 10, saa moja na nusu kabla ya kulala. Damu inakuja kwenye ngozi, ukitoka inapoteza joto, na mwili unashuka wenyewe. Feni ielekezwe miguuni, na chandarua kichomekwe kikiwa kimevutwa, kisikuangukie mwilini, maana kikikugusa upepo haupiti na mbu anakufikia. Chakula cha usiku kiliwe saa mbili mpaka tatu kabla ya kulala. Wiki hii nacho kisogee mapema.

Ijumaa ndipo mpango unapojaribiwa. Ruhusa yako ni saa nne na nusu, na huenda ukazima taa ukajiona macho makavu. Usishtuke, saa ya mwili inaweza kuwa nyuma ya ngazi kwa nusu saa au saa nzima. Kinachoharibu usiku ni kile unachofanya baada ya hapo.

Kanuni iliwekwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, mwaka 1972, na bado ni moja ya nguzo za tiba ya kukosa usingizi. Ukikisia umekaa macho kama dakika 20, ondoka kitandani. Nasema ukikisie, usitazame saa, maana kutazama saa kunaleta hesabu: "Saa tano na robo, zimebaki saa sita na dakika arobaini na tano." Hesabu hiyo peke yake inapandisha mapigo ya moyo. Saa ya ukutani igeuze, simu iko mbali. Nenda kakae sebuleni kwenye taa hafifu, ukunje nguo au usome kile kitabu ulichokwisha kukisoma. Usifungue televisheni, usile, usianze kazi ya maana. Rudi kitandani ukiwa na usingizi. Ukirudi, dakika 20 nyingine zikapita, ondoka tena. Inachosha, na usiku wa kwanza wa kuijaribu unaweza kulala kidogo kuliko kawaida, lakini hicho kidogo unachokikosa kinaongeza njaa ya kesho.

Jifunze kutofautisha kuchoka na kuwa na usingizi, kwa sababu wanaokuja kwangu wengi wanavichanganya. Kuchoka ni mwili mzito, mgongo unauma, huna hamu ya kusimama, lakini macho yako wazi na mawazo yanakimbia. Usingizi unauona kwa dalili nyingine: unasoma mstari mmoja mara mbili na hujui umesema nini, kope zinashuka zenyewe, kichwa kinadondoka na kushtuka, wazo unalolifuata linageuka kuwa jambo lisilo na maana. Kuchoka kunataka kiti. Dalili hizo za pili ndizo zinazotaka kitanda.

Jumamosi, kama nyumba nyingi za mjini, pengine utakuwa na mwaliko. Kicheni pati, sendofu, hitima, kuna kitu. Sikukatazi kwenda. Lakini kama utarudi saa sita usiku, Jumapili usiamke zaidi ya saa kumi na mbili na nusu, saa moja tu nje ya ngazi, halafu ulipe deni kwa kujinyoosha mchana dakika 20, kabla ya saa tisa, alamu ikiwa imewekwa. Usingizi wa mchana wa saa mbili siku ya Jumapili ni kula chakula cha usiku kabla ya usiku. Nimeona mpango mzuri wa wiki nzima ukifia hapo, mtu amelala kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja jioni, "anajiwekea akiba". Akiba hiyo haipo. Kama huna mwaliko, basi amka Jumapili saa kumi na moja na nusu, oga, vaa, ondoka mpaka Kimara, panda basi mpaka Posta, tembea mpaka mlangoni, urudi. Foleni ya Jumapili si ya Jumatatu, kwa hiyo ongeza muda kwenye hesabu, ila utakuwa umeshaujua mlango na kivuko, na mwanga wa saa kumi na mbili na nusu utakuwa umekupata ukiwa nje.

Usiku wa saba nauandikia zaidi, kwa sababu ndio unaouogopa.

Kwanza, utegemee kulala pungufu. Hata anayelala vizuri mwaka mzima hulala kwa kukatika usiku wa kuamkia jambo kubwa. Kama umefuata ngazi, mwili wako utakuwa tayari kulala kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu, na ukipata saa tano au sita, huo ni usiku uliofanikiwa. Usingizi uliokosekana usiku mmoja hupunguza umakini wa muda mrefu na uvumilivu. Utakasirika upesi, utasahau majina ya watu. Haukuzuii kuzungumza, kujifunza, wala kufanya hesabu kwa muda mfupi. Na siku ya kwanza ya kazi ya ukaguzi ni kujaza fomu, kupewa kompyuta na kutambulishwa meza kwa meza. Kazi nzito itaanza wiki hiyo ikiwa katikati, na ngazi tumeijenga kwa ajili ya siku hizo.

Pili, fanya daftari lako saa kumi na moja jioni, siyo usiku. Nguo ziwe zimetundikwa zikiwa zimepigwa pasi, bahasha iwe kwenye mkoba, nauli iwe mfukoni. Alamu ziwe mbili, simu yako na ya mtu mwingine wa nyumbani, ili usilale sikio moja likisubiri. Saa mbili kamili oga maji ya moto. Saa mbili na nusu taa zishuke. Simu za pongezi zinakuja jioni hiyo. Waambie shangazi na marafiki kwamba utawapigia Jumatatu ukitoka kazini.

Tatu, ukishazima taa, acha kuutafuta usingizi. Lala ukiwa na nia ya kubaki macho gizani kwa utulivu, macho yakiwa wazi kadiri yanavyoweza, bila kushika simu. Hii ni mbinu inayotumika kliniki kwa wenye hofu kama yako, na inafanya kazi kwa sababu moja: jitihada yenyewe ndiyo iliyokuwa inakuamsha. Mtu asiyejaribu hawezi kushindwa. Ukiona umeanza kukasirika au kuhesabu, basi ondoka kitandani kama ulivyofanya Ijumaa.

Usimeze kitu cha kukulaza. Piritoni inayouzwa kila duka la dawa inaleta usingizi kweli, lakini uzito wake unabaki mpaka asubuhi, na utafika kazini ukiwa mzito kuliko kama ungelala kwa saa nne tu. Valiamu hubaki mwilini zaidi ya siku nzima, na haifai kuchukuliwa bila daktari kwa jambo kama hili. Pombe nayo inalaza haraka na kukuamsha saa nane usiku.

Ikitokea umelala kwa saa mbili tu, Jumatatu amka saa kumi na moja vilevile. Kunywa kahawa moja saa mbili asubuhi na nyingine saa nne, halafu basi. Ukipata nafasi ya chakula cha mchana, funga macho dakika 15 kwenye kiti. Siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki. Kwenye basi usiwe na aibu kusinzia wakati wa kwenda, ila wakati wa kurudi jioni simama au zungumza na mtu, kwa sababu kusinzia saa moja jioni kutakunyang'anya usiku wa Jumatatu. Usipande kitandani kabla ya saa tatu na nusu hata ukihisi unaanguka. Usiku huo utalala, kwa sababu njaa ya usingizi itakuwa imepanda na ngazi imeshafika chini.

Kuanzia Jumanne unaweza kuisogeza ruhusa yako hadi saa nne usiku. Hapo unapata saa saba, ambazo ndizo kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa mtu mzima. Jumamosi na Jumapili za mwezi wa kwanza wa kazi usiamke baada ya saa kumi na mbili; ukirudia saa mbili na nusu siku mbili za mwisho wa wiki, Jumatatu unaanza tena ukiwa umerudi nyuma. Kipindi cha ukaguzi kikikushikilia ofisini mpaka usiku, chelewa kulala lakini usiruke ile saa moja ya kushusha kasi. Ifanye hata ya dakika 20. Wanaofika nyumbani na kompyuta kichwani na kuingia nayo kitandani ndio hao hao wanaokuja kwangu mwezi wa tatu.

Na hapa mpango huu unapoishia: ukiona unakosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, na hali hiyo ikaendelea miezi mitatu, huo si wasiwasi wa kazi mpya tena. Unahitaji tiba ya kisaikolojia ya usingizi kwa mtaalamu, ambayo ndiyo ya kwanza kabla ya dawa. Usisubiri miezi mitatu ikiwa unakoroma na kushtuka kama unayekabwa, ikiwa umeanza kujisikia huna hamu ya kuishi, au ikiwa siku kadhaa umelala saa mbili tatu na bado unajiona una nguvu kupita kawaida na mawazo yanakimbia. Kwa hilo la mwisho, au ukijua uliwahi kupata tatizo la kupanda na kushuka kwa hisia, muone daktari kabla hujaanza kupunguza au kusogeza usingizi wako, hata kama Jumatatu imekaribia.